Karata Iliyokunjwa Pembe

Mjomba wangu alishuka basi la Lindi pale Mbagala Rangi Tatu asubuhi moja ya mwaka 2009, akiwa na shilingi laki mbili na sitini za kununulia mabati. Alifika nyumbani kwetu Mwananyamala jioni, akiwa na elfu thelathini zilizokuwa zimefichwa kwenye soksi, na kimya ambacho mama alikitambua kabla hajaketi. Kahawa ilipomwagwa vikombeni akasema: "Dada, nimeingizwa mjini."

Akasimulia. Karata tatu. Pata potea. Alipomaliza, baba aliyekuwa akisikiliza huku anachokonoa redio, akasema neno ambalo nadhani kila nyumba ya Dar inalo tayari kwa siku kama hiyo: "Tamaa hiyo, shemeji." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Na miaka yote mpaka leo, kila kisa hicho kinapotajwa kwenye harusi au msiba, huwa kinafungwa kwa neno hilo hilo, na yeye huitikia vile vile.

Nimekuwa nikilitafakari neno hilo kwa muda mrefu, hasa baada ya kuanza kusimama pembeni na kuutazama mchezo wenyewe, Temeke na kwetu Kinondoni. Swali langu si kama karata tatu ni utapeli. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Swali ni hili: aliyelizwa ana sehemu gani ya kosa? Maana karata tatu ina jambo la ajabu. Mwizi wa mfukoni hakuhitaji uwe na dhambi yoyote ili akuibie. Huyu wa karata anakuhitaji uitende kidogo. Na ukishaitenda, anakuachia hiyo dhambi uende nayo nyumbani badala ya pesa zako.

Lakini ili tulijadili hilo kwa haki, ni lazima tuone kwanza kinachofanyika pale, mkono kwa mkono. Watu wengi wanadhani wanajua.

Vifaa ni vichache mno, na uchache huo ni sehemu ya kazi. Boksi la katoni lililogeuzwa chini juu, au kipande cha ubao juu ya ndoo. Kitu ambacho mtu anaweza kukiacha na kutembea zake bila kugeuka nyuma. Karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu, tuseme shupaza mbili na kopa moja. Zote zimepindwa kidogo kwa urefu, zikilala zinafanya mgongo kama bati la msonge. Ukimuuliza mchezeshaji kwa nini, atakwambia ni za zamani. Ukweli ni kwamba karata bapa iliyolala juu ya boksi ni ngumu kuiokota haraka kwa ncha zake, na kazi yote inafanyika kwenye ncha.

Mchezeshaji anashika karata moja kwa mkono wa kushoto, na mbili kwa mkono wa kulia. Hizo mbili hazikugusana. Zimelala moja juu ya nyingine na nafasi ya kama unene wa kidole katikati yake. Ya chini inashikwa kati ya kidole gumba na kidole cha kati. Ya juu inashikwa kati ya kidole gumba hicho hicho na kidole cha shahada. Anainua mkono, anakuonyesha uso wa ya chini: nyekundu. Umeiona, mimi nimeiona, kila mtu ameiona. Kisha anazitupa mezani moja moja, kushoto, kulia, katikati, huku akiimba maneno yake ya nyekundu-unakula, nyeusi-unaliwa.

Sasa jicho lako linajua kitu kimoja ambacho hakuna aliyelifundisha: cha chini ndicho kinachoanguka kwanza. Ukishika vitabu viwili na kuachia kimoja, kitaanguka cha chini. Kwa hiyo karata ya kwanza kutoka mkono wa kulia inapogusa boksi, jicho linaishika hiyo na kuifuata kokote itakakosogezwa. Lakini kilichoachia si kidole cha kati. Ni kidole cha shahada. Iliyoanguka ni ile ya juu, nyeusi. Na mara hiyo hiyo kidole cha shahada kinashuka kuidaka nyekundu iliyobaki, kidole cha kati kinajiondoa, ili ukitazama mkono uone umeshika karata kwa namna ile ile ambayo ile ya juu ilikuwa imeshikwa. Kila kitu kinasema kwamba nyekundu imeshatoka. Bado iko mkononi.

Hakuna kasi kubwa hapo. Hili liliniduwaza zaidi ya yote. Nilidhani nitaona mikono inayokwenda kama cherehani, kumbe jamaa wazuri wanatupa polepole, karibu kwa uvivu. Na mara nyingi wanatupa kwa haki kabisa. Kati ya mitupo sita nane, mmoja tu unaweza kuwa wa hila, na mkono unafanya mwendo ule ule kwa yote, kwa hiyo hata anayeijua mbinu hawezi kusema ni upi. Mbinu hii si siri ya leo. Mwaka 1902 kule Chicago kilichapishwa kitabu cha ufundi wa karata kwa jina la S. W. Erdnase, jina ambalo mpaka leo watu wanabishana lilikuwa la nani, na ndani yake mtupo huu umeelezwa kidole kwa kidole, pamoja na ile hila ya kukunja pembe nitakayoifikia sasa hivi. Zaidi ya karne moja imechapishwa, na bado inakula mabati ya watu Mbagala.

Basi kama siri iko hadharani kiasi hicho, mbona haijafa? Kwa sababu mikono ni sehemu ndogo ya mchezo. Sehemu kubwa ni wale waliosimama.

Mjomba alisema alikuta "watu kama tisa hivi" wamelizunguka boksi. Nimejaribu kumhesabia. Mmoja mchezeshaji. Kijana wa kofia aliyekuwa akishinda. Mzee mwenye baibui la plastiki la mvua, aliyekuwa akipoteza. Mwanamume mwenye bahasha kubwa ya kaki, kama ya karani, aliyesimama karibu na mjomba na kuongea naye. Kijana aliyesimama nje ya duara, akitazama barabara na wala si karata. Hao ni watano, na hao ndio kikosi. Waliobaki walikuwa wanne, mmoja wao mjomba, na watatu wapita njia kama yeye, ambao walikaa dakika mbili tatu wakaenda. Yaani kwa muda mrefu wa nusu saa ile, mjomba wangu alikuwa mtu pekee pale ambaye hakuwa kazini.

Kila mmoja wa hao wapambe ana kazi yake. Wa kofia anakuonyesha kwamba pesa inatoka. Anaweka elfu kumi, anapewa elfu ishirini, anazihesabu wazi. Lakini wa muhimu kuliko yeye, na wengi hawamfikirii, ni yule mzee anayepoteza. Anapoteza kijinga. Nyekundu iko kushoto, umeiona kabisa, mtoto angeiona, naye anaweka dau katikati. Anafunuliwa nyeusi, anapiga kelele, anaweka tena pale pasipo. Hapo moyoni unasema: huyu mzee hatazami. Na ukishasema hivyo umeshamaliza kazi yake, kwa sababu umejiona mjanja kuliko mtu fulani pale. Mchezo unaoweza kushindwa na mjinga unaweza kushindwa na mwerevu. Ndivyo akili inavyojumlisha, bila kuombwa.

Kisha mwenye bahasha. Yeye hachezi. Yeye ni rafiki. Anakuuliza umetoka wapi, anasema na yeye ana shemeji Nachingwea. Anakuomba umwonyeshe kwa kidole, bure, bila pesa, nyekundu iko wapi. Unaonyesha. Inafunuliwa: ndiyo yenyewe. "Braza una macho wewe!" Mara ya pili, tena sawa. Mitupo hiyo miwili ilikuwa ya haki.

Mjomba aliweka elfu kumi akapoteza. Akajilaumu kwamba alipepesa macho. Akaweka elfu hamsini kuzirudisha, akapoteza. Hapo alitaka kuondoka. Anaapa hivyo na mimi namwamini, kwa sababu hapo ndipo palipohitajika pembe.

Mchezeshaji aligeuka kubishana na mtu nyuma yake kuhusu chenji. Mwenye bahasha, haraka, akainua karata nyekundu, akamwonyesha mjomba uso wake, akaikunja pembe kidogo kama sikio la mbuzi, akairudisha, akamfinya mkono. Mchezeshaji akageuka, hakuona kitu. Akazikusanya, akazitupa. Na pale juu ya boksi, wazi kama mchana, karata moja ina sikio.

"Nilikuwa nimeshaiona," mjomba husema mpaka leo. "Nilikuwa nimeshaiona, baba."

Akatoa laki na elfu sabini. Ilifunuliwa nyeusi. Katika kuzikusanya, mchezeshaji alikuwa ameinyosha pembe ya nyekundu kwa kidole cha pete, kwa kuibana tu dhidi ya nyenzake, na akaikunja pembe ile ile ya karata nyeusi. Hilo linachukua muda wa kusema "haya, wekeni".

Tusimame hapa kwanza, maana hapa ndipo penye ubishi.

Mtu atasema: unaona? Mjomba wako alikuwa anajaribu kuiba. Alijua karata imewekwa alama, alijua mchezeshaji hajui, akaweka dau. Kama angekuwa mwaminifu angesema "bwana, karata yako imekunjwa." Tapeli kamtapeli tapeli, ngoma droo.

Hoja hii ina nguvu, na ni ya kale. Wasomaji wa hekaya mnaikumbuka ile ya Abunuwasi na sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema: ilikuwa na mimba, imezaa. Jirani anajua sufuria haizai, lakini anachukua vyote viwili na kushukuru. Baadaye Abunuwasi anaazima tena, harudishi, anasema: imekufa. Jirani anakwenda kushtaki, na hukumu inakuwa kwamba aliyekubali sufuria kuzaa akubali na kufa kwake. Tumeicheka hadithi hiyo tangu utotoni, na kicheko chetu chote kiko upande wa Abunuwasi. Fisi naye katika ngano zetu, kila anapotumbukia shimoni, ni tamaa yake iliyomtumbukiza. Sungura alichimba tu. Tumelelewa na hukumu hiyo. Baba alipomwambia mjomba "tamaa hiyo, shemeji", hakuwa anafikiri. Alikuwa anafunga hadithi kama hadithi zinavyofungwa.

Lakini tazama tofauti. Jirani wa Abunuwasi alipokea kisufuria nyumbani kwake, ametulia, hakuna aliyemsukuma. Mjomba alitiwa jaribu lililotengenezwa kwa kipimo chake, na watu watano, baada ya kupoteza elfu sitini ambazo hazikuwa za kuchezea. Ile pembe haikukunjwa ili kuipima tabia yake. Ilikunjwa kwa sababu uaminifu wake wa kawaida ulikuwa umeshaanza kumwondoa pale. Na aliyeikunja alikuwa mtu aliyeitwa rafiki kwa dakika ishirini. Sisemi kwamba mjomba ni malaika. Ninasema kosa lake la kuitumia pembe lina ukubwa wa pembe, na laki mbili na thelathini si adhabu yake. Wala waliozichukua si mahakimu.

Kisha, tunasahau wale wasiofika hata kwenye pembe. Wengi wanalizwa kabla yake, kwenye mtupo, wakiwa wametazama kwa macho yao na kuamini walichokiona. Hao tamaa yao iko wapi? Kucheza kwa pesa, labda. Lakini anayenunua tiketi ya bahati nasibu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, naye anacheza kwa pesa, na akikosa hakuna anayemwambia amestahili kuibiwa, kwa kuwa hakuibiwa. Amekosa. Pata potea ingekuwa mchezo wa kweli wa kubahatisha, ungeshinda mara moja kati ya tatu. Kwa dau la elfu kumi linalolipwa mara mbili, ungepata elfu kumi mara moja na kupoteza elfu kumi mara mbili. Biashara mbaya, lakini ni mchezo. Hapa hakuna hata hiyo moja ya tatu.

Na nasema hakuna kwa maana ya hakuna. Hili ni kwa wale wajanja wanaosoma huku wakijisemea kwamba wao, wakishaujua mtupo, wataweka kwenye karata nyingine. Niliwahi kumwona kijana mmoja Tandale akifanya hivyo. Aliigundua hila, au alibahatisha, akaweka elfu ishirini juu ya karata ambayo kweli ilikuwa nyekundu. Kabla mkono wa mchezeshaji haujasogea, wa kofia akatupa elfu arobaini juu ya karata nyingine, na mchezeshaji akasema kwa upole: "Dau kubwa ndilo linalopokelewa, mdogo wangu." Akamrudishia kijana ishirini zake. Kijana akabisha. Akapandisha dau lake kuwa elfu hamsini, na hapo yule wa barabarani akapiga mluzi, mtu akasema "mgambo!", boksi likapigwa teke, na kwa muda wa pumzi tatu pale pakawa na kijana peke yake na ganda la katoni. Alikuwa na bahati kwamba pesa zilikuwa bado mkononi. Ndiyo kazi ya yule anayetazama barabara. Mgambo huwa wanakuja kweli siku nyingine, lakini mara nyingi wanakuja pale tu mgeni anapokaribia kushinda.

Kwa hiyo ukitaka kuutambua mchezo, acha kabisa kuzitazama karata. Karata ndicho kitu pekee pale kilichotengenezwa ili kitazamwe. Tazama anayeshinda: ana elfu sitini mkononi na haondoki. Mimi sijawahi kukutana na mtu wa Dar aliyeokota elfu sitini barabarani akaendelea kusimama juani. Tazama duara lenyewe. Kwenye mkusanyiko wa kweli, pakiwa na ajali au mganga wa dawa za meno, mtu wa mbele hakupi nafasi yake. Utasukumana, utachungulia chini ya kwapa. Kwenye pata potea, ukisogea tu, duara linafunguka lenyewe kama mlango wa benki na unajikuta uko mbele, bega la mtu kushoto, bega la mtu kulia, na mtu nyuma. Nafasi hiyo ilikuwa yako kabla hujafika. Na mtu akikwambia "onyesha tu pesa, usiweke, aone kama unayo", ujue pesa ikishatoka mfukoni imeshawekwa.

Sasa nirudi kwa mjomba, kwenye dakika ambayo ilinichukua miaka kuiuliza.

Nilimuuliza mwaka jana tukiwa barazani kwake: "Mjomba, baada ya ile karata kufunuliwa nyeusi, nini kilitokea?" Watu hawaulizi hilo. Hadithi huwa inaishia kwenye karata.

Akasema hakuweza kupumua. Akamtazama mwenye bahasha, na mwenye bahasha alikuwa amejishika kichwa, kama aliyefiwa. Mchezeshaji alikuwa tayari anafunga. Mwenye bahasha akamshika mjomba bega, akamtoa pembeni mpaka kwenye kivuli cha duka, akamwambia: "Braza, tumekosea. Tamaa mbaya. Tungeridhika na kidogo." Akatoa elfu mbili yake mwenyewe, akampa ya nauli. Akamwambia asiende polisi kwa sababu na yeye atawekwa ndani kwa kucheza kamari. Akampandisha daladala.

Nilimwomba arudie. Nani alisema tamaa?

"Yule bwana wa bahasha."

Yaani kabla ya baba, kabla ya mama, kabla ya mjomba mwenyewe, wa kwanza kutoa hukumu ile alikuwa mpambe, na aliitoa akiwa kazini. Mwaka 1952 mwanasosholojia Erving Goffman aliandika makala kuhusu kazi hiyo hasa: katika kikosi cha matapeli hubaki mtu mmoja nyuma na aliyelizwa, wa kumpoza, wa kumsaidia aizoee hasara yake ili asipige kelele. Goffman aliona kwamba kinachouma zaidi si pesa. Ni ile picha mtu aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe, ya mtu mwenye macho, asiyedanganyika, na sasa imevunjika mbele za watu. Anayepoza anampa picha nyingine ya kuishi nayo. Ya mjomba ilikuwa: mimi ni mtu wa tamaa niliyepata funzo. Ni picha mbaya, lakini inabebeka. Na ina faida kubwa kwa kikosi, maana mwenye hatia haendi kituoni.

Hata lile la polisi halikuwa uongo mtupu, ndiyo maana lilifanya kazi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 176, inamhesabu mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa hadharani kuwa miongoni mwa wazururaji na wavunja utaratibu. Lakini kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 304, inamtia hatiani anayejipatia mali ya mwenzake kwa hila au mbinu ya udanganyifu, na hilo ni kosa zito zaidi. Mwenye bahasha alimsomea mjomba kifungu kimoja tu. Na ukilitazama vizuri, kama karata iliamuliwa na kidole cha pete, hapakuwa na bahati yoyote pale ya kuchezewa.

Nikafikiri juu ya nyumba yetu jioni ile. Mjomba alikuja na neno alilopewa na mpambe chini ya kivuli cha duka, akalifikisha Mwananyamala, na sisi tukalipokea tukalikazia. Kila harusi, kila msiba, kwa miaka mingi. Kikosi kilishasahau sura yake siku hiyo hiyo, na sisi tukaendelea kumpoza kwa niaba yao, bure. Sijui kama tungesema nini kingine. Lakini tungeweza angalau kumuuliza yule mtu wa bahasha alikuwa na sura gani, alisimama upande gani, na nani alikuwa akitazama barabara. Tungemuuliza kama shahidi. Tulimuuliza kama mshtakiwa.

Na mimi je? Nimesema nimekuwa nikisimama pembeni kutazama. Kutazama huko nako kuna mashaka yake. Mtu anayejua, amesimama, amenyamaza, ana tofauti gani na yule wa kofia kwa macho ya mgeni? Nimeongeza kichwa kimoja kwenye duara. Nimefanya lionekane la kawaida. Mara mbili nimemwona mtu akilizwa na sikusema kitu, na najua kwa nini: anayesema "huo ni utapeli" kwa sauti pale pale anatolewa mkutano kwa kiwiko, au anasubiriwa kwenye kona ya pili. Wako watano. Sina hoja ya kuupamba woga huo.

Mara ya tatu ilikuwa karibu na soko la Tandika. Mama wa makamo, khanga begani, ndoo tupu ya samaki miguuni, mkono umeshaingia kwenye sidiria ambako ndiko benki ilipo. Wa kofia wa siku hiyo hakuwa na kofia. Duara lilikuwa limeshafunguka. Sikusema neno utapeli. Nilipenya nikamshika mama kiwiko, nikasema kwa sauti ya haraka: "Mama, mwanao ameanguka kule kwenye daladala, njoo, njoo." Uongo mtupu. Akaiacha karata, akachukua ndoo, akanifuata mbio. Nyuma yangu nilisikia mtu akisonya, lakini hawakutufuata, nadhani kwa sababu hata wao hawakuwa na uhakika.

Tulipofika kwenye vibanda vya viatu nikasimama, nikamwambia ukweli: hakuna mtoto aliyeanguka, wale ni matapeli, wote wale, hata yule dada aliyekuwa anakushauri. Alihema. Akaitazama ndoo yake, akanitazama mimi, na sikuona shukrani usoni kwake. Niliona mtu aliyedhulumiwa.

"Sasa mwanangu," akasema, "si ungeniacha kwanza niweke? Nilikuwa nimeshaiona."